Shajara ya mradi: marejeo 46 ya makala ya Kireno, kutoka desturi ya Kiingereza hadi kiwango cha Brazili

4 Machi 2024

Makala yetu kuhusu biashara ya Mombasa katika karne ya 17 imerudishwa leo na jarida la Brazili tulilolipelekea mwezi Januari. Haikukataliwa, wala haijafika bado kwa wasomaji wa kitaalamu. Ofisi ya uhariri imeirudisha kwa sababu moja tu: orodha ya marejeo haifuati NBR 6023, kiwango kinachotolewa na ABNT, shirika la viwango la Brazili. Mwenzangu aliyeko Maputo ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya matini ya Kireno. Mimi, nikiwa Dar es Salaam, ndiye niliyekusanya marejeo, na niliyapanga kama nilivyozoea kuyapanga katika makala za Kiingereza, yaani kwa mtindo wa Chicago. Kwa hiyo kazi ya kuyapanga upya nimeichukua mimi, na nimeahidi kuikamilisha kabla ya tarehe 5 Aprili.

Orodha ina marejeo 46: ya Kiingereza 23, ya Kireno 18 na ya Kiswahili 5. Jioni hii sikurekebisha lolote. Nimesoma kiwango chenyewe katika toleo lake la 2018, na nimechagua rejeo moja nitakalolitumia kama kipimo cha mengine yote. Ni kitabu cha Boxer na Azevedo kuhusu Ngome ya Yesu, kilichotoka mwaka 1960 kwa Kiingereza mjini London na kwa Kireno mjini Lisbon. Kinanifaa kwa sababu kitabu kilekile kimo katika orodha yetu kwa lugha zote mbili, na hivyo tofauti za uandishi zinaonekana bila tofauti za maudhui kuingilia kati. Katika faili langu, rejeo la Kiingereza limekaa hivi:

```
Boxer, C. R., and Carlos de Azevedo. Fort Jesus and the Portuguese in Mombasa, 1593-1729. London: Hollis & Carter, 1960.
```

6 Machi

Nimeanza na majina ya waandishi, kwa kuwa ndiko kwenye makosa mengi na ndiko kurekebisha kulikokuwa rahisi. Katika desturi niliyoizoea, mwandishi wa kwanza peke yake ndiye anayegeuzwa, jina la ukoo likatangulia. Wa pili huandikwa kwa mfuatano wa kawaida, na baina yao huwekwa koma na kiunganishi. Katika kiwango cha Brazili waandishi wote hugeuzwa, jina la ukoo la kila mmoja huandikwa lote kwa herufi kubwa, na kinachowatenganisha ni nukta mkato peke yake. Hakuna kiunganishi, hata kabla ya mwandishi wa mwisho:

```
BOXER, C. R.; AZEVEDO, Carlos de. Fort Jesus and the Portuguese in Mombasa, 1593-1729. London: Hollis & Carter, 1960.
```

Mgawanyo wa kazi hapa uko wazi. Koma iko ndani ya mtu mmoja, kati ya jina la ukoo na jina lake la kwanza, na nukta mkato iko kati ya mtu na mtu. Mtu asiyejua Kireno, wala asiyejua lipi ni jina la ukoo na lipi ni la kupewa, anaweza kuhesabu waandishi bila kukosea kwa kuhesabu nukta mkato tu. Katika orodha yangu ya zamani koma ilifanya kazi zote mbili, na palipokuwa na waandishi watatu nililazimika kusoma mara mbili.

Kilichonichukua muda ni viambatisho vya majina ya Kireno. Maneno kama “de”, “da” na “dos” hayapangwi pamoja na jina la ukoo. Hurudi nyuma na kufuata jina la kwanza, ndiyo maana Azevedo amekuwa “AZEVEDO, Carlos de” na amepangwa kwenye A. Upande wa pili, maneno yanayoonyesha undugu, yaani “Filho”, “Neto” na “Júnior”, hayasimami peke yake kama jina la ukoo. Mwanaisimu mashuhuri wa Brazili, Joaquim Mattoso Câmara Júnior, hupangwa kwenye C kama “CÂMARA JÚNIOR, Joaquim Mattoso”. Mimi nilikuwa na mwandishi mmoja niliyempanga kwenye F kwa sababu jina lake linaishia na “Filho”. Msomaji wa Kibrazili angemtafuta mahali pake, asimwone, kisha angedhani tumemtaja ndani ya matini bila kumweka katika orodha.

11 Machi

Leo nimeingia kwenye anwani za vitabu, na hapa ndipo kazi ilipokuwa kazi.

Katika mtindo wa Chicago, maneno yote makuu ya anwani ya Kiingereza huanza kwa herufi kubwa: nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi. Katika orodha ya Kireno, neno la kwanza peke yake ndilo huanza kwa herufi kubwa, na baada yake herufi kubwa hubaki kwa majina ya pekee tu. Mkataba wa Tahajia wa 1990, unaozihusu nchi zinazotumia Kireno, unaruhusu njia zote mbili kwa anwani za vitabu, lakini mifano ya vitabu katika NBR 6023 hufuata ile ya herufi ndogo, na jarida letu linaitaka hiyo. Maana yake ni kwamba kila herufi kubwa iliyobaki katikati ya anwani inatoa habari: inamwambia msomaji kwamba hapa pana jina la mtu, la mahali au la kitu mahususi. Nikiacha herufi kubwa isiyostahili, nimetoa habari ya uongo, hata kama kila neno limeandikwa sawasawa.

Rejeo la Kireno la kitabu changu cha kipimo lilikuwa hivi katika faili langu:

```
Boxer, C. R., and Carlos de Azevedo. A Fortaleza de Jesus e os Portugueses em Mombaça. Lisboa: Centro de Estudos Históricos Ultramarinos, 1960.
```

Nimelipitia neno kwa neno. “A” ni neno la kwanza, kwa hiyo herufi kubwa inabaki, ingawa ni kibainishi tu. “Fortaleza” lingekuwa neno la kawaida lingeshuka, lakini hapa ni sehemu ya jina la jengo mahususi ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, kwa hiyo linabaki juu pamoja na “Jesus”. “Mombaça” ni jina la mji. Limebaki “Portugueses”, na juu ya neno hili moja tumeandikiana na mwenzangu barua pepe nne.

Hoja yake ilikuwa kwamba kitabu kilitoka Lisbon mwaka 1960, wakati Ureno ilipofuata kanuni za tahajia za 1945, ambazo zilitaka majina ya watu wa taifa au kabila fulani yaanze kwa herufi kubwa. Kwa hiyo herufi kubwa hiyo ni sahihi kwa zama na mahali pake. Hoja yangu ilikuwa kwamba orodha inasomwa leo, na inasomwa Brazili, ambako kanuni za 1943 tayari zilikuwa zimeyashusha majina hayo. Kiwango kinatutaka tunakili maneno ya anwani, ila mpangilio wa herufi kubwa unafuata desturi ya orodha nzima, na orodha yenye “Portugueses” mahali pamoja na “portugueses” mahali pengine ingeonekana imefanywa na watu wasioafikiana. Tumekubaliana kushusha:

```
BOXER, C. R.; AZEVEDO, Carlos de. A Fortaleza de Jesus e os portugueses em Mombaça. Lisboa: Centro de Estudos Históricos Ultramarinos, 1960.
```

Baada ya kushusha hapa, nilitaka kushusha na katika rejeo la Kiingereza, na nilikuwa nimeshaandika “the portuguese” kabla sijajizuia. Kushusha huko ni kosa. Kanuni ya kiwango ni kupunguza herufi kubwa hadi kiasi ambacho lugha ya kitabu chenyewe inakitaka, na Kiingereza hutaka herufi kubwa kwa jina la watu, la lugha na hata kwa kivumishi kinachotokana na nchi. Kireno hakitaki lolote kati ya hayo: “português”, “africano” na “suaíli” vyote huandikwa kwa herufi ndogo, lakini “África Oriental”, likiwa jina la eneo, hubaki juu. Kiswahili nacho kina utaratibu wake. Tunaandika “Wareno”, “Waswahili” na “Kireno” kwa herufi kubwa, kwa hiyo katika yale marejeo matano ya Kiswahili maneno ya namna hiyo yamebaki juu, na maneno kama “historia”, “pwani” na “biashara” yameshuka. Ndani ya orodha moja, basi, Wareno walewale wana herufi kubwa kwa Kiingereza, ndogo kwa Kireno, na kubwa tena kwa Kiswahili, na zote tatu ni sahihi.

13 Machi

Anwani ndogo zina kanuni yake. Kitabu cha Alpers kuhusu pembe na watumwa, cha mwaka 1975, kimekuwa hivi baada ya marekebisho, na nyota nimeziweka kuonyesha mahali ambapo herufi nene zinaanza na kuishia:

```
ALPERS, Edward A. **Ivory and slaves**: changing pattern of international trade in East Central Africa to the later nineteenth century. Berkeley: University of California Press, 1975.
```

Katika Chicago, na hata katika APA ambayo kwa anwani za vitabu na makala hutumia herufi ndogo karibu kama Wabrazili, neno la kwanza baada ya nukta pacha huanza kwa herufi kubwa. Hapa linashuka. Tena, mkazo wa herufi nene unakoma kwenye anwani kuu, na nukta pacha pamoja na yote yanayoifuata huandikwa kwa herufi za kawaida. Nilisita juu ya “East Central Africa”, kwa kuwa mtu anaweza kulisoma kama maelezo ya upande tu na si jina, lakini mwandishi analitumia kama jina la eneo analolichunguza, nami nimeliacha juu.

Makala za majarida ni kinyume cha nilivyotarajia. Anwani ya makala haina alama za mtajo wala mkazo wowote. Mkazo huenda kwenye jina la jarida, na jina la jarida hubaki na herufi zake kubwa zote, kwa kuwa linahesabiwa kuwa jina la pekee. Mkataba wa 1990 nao unayataka majina ya magazeti na majarida yabaki juu.

```
ALPERS, Edward A. Gujarat and the trade of East Africa, c. 1500-1800. **The International Journal of African Historical Studies**, [s. l.], v. 9, n. 1, p. 22-44, 1976.
```

Mabano mraba yale yanamaanisha kwamba mahali pa uchapishaji hapakuonekana kwenye nakala niliyoitumia. Kiwango kinataka mahali hapo patajwe hata kwa jarida, jambo ambalo Chicago kwa kawaida haikuniuliza, na kwa sababu hiyo nimelazimika kufungua upya makala 14. Kurasa huandikwa “p.” moja, ziwe nyingi au chache. Miezi huandikwa kwa herufi ndogo na kufupishwa, kama “mar.” na “ago.”, isipokuwa “maio” ambao ni mfupi tayari.

20 Machi

Nimehamishia kazi kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, kwa sababu marejeo ya makala hii tutayahitaji tena. Mtindo wa ABNT uliomo humo unaweka majina ya ukoo kwa herufi kubwa na nukta mkato kati ya waandishi bila mimi kugusa kitu. Sehemu inayofanya hivyo ni fupi, na ukiifahamu utajua pa kuangalia jarida likitaka jambo tofauti kidogo:

```xml
<name name-as-sort-order="all" sort-separator=", " delimiter="; ">
  <name-part name="family" text-case="uppercase"/>
</name>
```

Anwani, hata hivyo, programu haikuzishusha. Kupandisha herufi ni kazi ambayo mashine inaiweza, kwa kuwa kanuni ya Kiingereza inahusu aina za maneno na orodha fupi ya vighairi. Kushusha kunahitaji kujua kwamba Gujarat ni mahali na kwamba biashara si jina la mtu. Nilijaribu amri ya `Sentence case` juu ya anwani ya Ngome ya Yesu, ikashusha pia “Jesus” na “Mombasa”, nikarudisha kwa mkono. Njia iliyo salama ni kuhifadhi kila anwani kwa herufi ndogo tangu mwanzo, majina ya pekee yakiwa juu, na kuiachia programu ipandishe pale tutakapoandika kwa mtindo wa Chicago. Ili isipandishe anwani za Kireno na Kiswahili, kila rejeo nimelijazia lugha yake katika sehemu ya `Language`: `en`, `pt-BR`, `pt-PT` au `sw`. Zotero hupandisha anwani za Kiingereza tu, na sehemu hiyo ikiwa tupu, mtindo wa Kiingereza hukichukulia kitabu cha Kireno kuwa cha Kiingereza.

Majina yenye “de” na “dos” nimeyaandika kiambatisho kikiwa kwenye jina la kwanza, yaani “Carlos de” upande mmoja na “Azevedo” upande wa pili. Kikiachwa upande wa jina la ukoo, huenda kikapanda na kuwa “DE”.

27 Machi

Siku ya kukagua. Nimetoa orodha nzima kama matini ya kawaida, rejeo moja kwa kila mstari, na nimetafuta mabaki ya Kiingereza kwa amri hii:

```
grep -nE ' & |, and |pp\. |vol\. |Accessed ' marejeo.txt
```

Imeonyesha mistari 9. Saba ilikuwa makosa ya kweli, mengi yakiwa “pp.” yaliyobaki katika sura za vitabu. Miwili ilikuwa sahihi: mmoja ulikuwa na koma na kiunganishi ndani ya anwani yenyewe ya Kiingereza, na mwingine ulikuwa na “Hollis & Carter”. Alama ile ni sehemu ya jina la mchapishaji, na haiondolewi kwa kuwa tu tumeiondoa kati ya waandishi. Vivyo hivyo “London” haigeuki kuwa “Londres”, kwa kuwa mahali huandikwa kama palivyoandikwa kwenye kitabu.

Herufi kubwa baada ya nukta pacha sikuweza kuzikagua kwa amri moja, kwa sababu nukta pacha katika orodha hii ina kazi mbili zilizo kinyume. Kati ya anwani na anwani ndogo, kinachofuata huanza kwa herufi ndogo. Kati ya mji na mchapishaji, kinachofuata ni jina na huanza kwa herufi kubwa. Nimechapisha karatasi nne, nikapitia kila nukta pacha kwa kalamu, na nimekuta anwani ndogo tano bado zina herufi kubwa, zote za Kiingereza.

Kati ya marejeo 18 ya Kireno, matatu yalitoka kwenye orodha ambayo mwenzangu alipewa Lisbon. Nayo yalikuwa na majina ya ukoo kwa herufi kubwa, hivyo nilidhani yako tayari. Kilichonishtua ni kistari kati ya jina la mwandishi na anwani, mahali ambapo Wabrazili huweka nukta. Hicho ni kiwango cha Ureno, NP 405. Ni Kireno, ni sahihi kwao, na hakifai kwa jarida hili.

Marejeo ya mtandaoni sasa yanaishia kwa “Disponível em:” na anwani ya mtandao, kisha “Acesso em: 27 mar. 2024.” Yale mabano ya pembe yaliyokuwa yakizunguka anwani ya mtandao yaliondolewa katika toleo la 2018, na mistari sita ya chini iliyokuwa ikisimama badala ya jina la mwandishi anayerudiwa imeondolewa pia. Jina la Alpers nimeliandika kamili kila mara.

3 Aprili

Lilibaki jambo ndani ya matini. Katika NBR 10520 ya zamani, inayohusu kutaja vyanzo, majina yaliyomo kwenye mabano yaliandikwa kwa herufi kubwa tupu, na ndivyo mwenzangu alivyokuwa ameandika kote. Toleo la 2023 limeyarudisha kwenye maandishi ya kawaida. Sasa tunaandika “(Boxer; Azevedo, 1960, p. 35)” ndani ya mabano, na “Boxer e Azevedo (1960)” jina linapokuwa sehemu ya sentensi, ambapo nukta mkato huipisha “e” ya Kireno. Katika orodha ya mwisho herufi kubwa za ukoo zinabaki palepale. Nimebadilisha mahali 71, mwenzangu amesoma tena kurasa zote akiwa na orodha pembeni, na amepata mwaka mmoja usiolingana: 1975 katika matini, 1976 katika orodha. Tulifungua ukurasa wenyewe uliotajwa. Ilikuwa makala kuhusu Gujarat na si kitabu, kwa hiyo matini ndiyo iliyokosea. Faili limetumwa saa kumi jioni.

9 Aprili

Ofisi ya uhariri imejibu kwamba orodha imepokewa na makala imepelekwa kwa wasomaji wawili wa kitaalamu. Wametuomba jambo moja: katika rejeo moja la Kiswahili wametaka kujua kama neno “Pwani” nililoliacha juu ni jina la eneo au ni nomino ya kawaida. Nimeangalia ukurasa wa anwani, kisha dibaji. Mwandishi anasema “pwani ya Mombasa” kwa herufi ndogo kila mahali. Nimelishusha.